Mkanda Uliotiwa Sauti

Rukaiya binti Salehe alikuwa fundi cherehani mzuri pale mtaani Kiusa, na hilo hakuna aliyelipinga. Walichokilalamikia watu ni shaka yake. Ukimletea kitambaa cha mita tatu, alikipima kabla hajaitikia salamu. Jua likichelewa kuchomoza, yeye angeuliza lilikuwa na nani. Mumewe Yusuph, mtu mpole, alishajifunza kutaja mwenyewe aendako, anakopitia na saa ya kurudi, ndipo avae viatu.

Kwa hiyo siku alipofungua kabati la marehemu mama yake, kule nyumbani Njoro, akaikuta diski haipo, hakuuliza iko wapi. Aliuliza kaichukua nani, na anataka kuifanya nini.

Ilikuwa diski ndogo nyeusi ya kushika kiganjani, lakini ilibeba ukoo mzima. Baba yao, Mzee Salehe, fundi umeme wa magari, alinunua kamera ya video mwaka elfu mbili na moja, na tangu hapo hakuna harusi wala akika iliyompita. Mikanda yake midogo ilijaza maboksi mawili ya viatu. Miaka miwili kabla hajafariki aliazima kompyuta akaihamishia yote kwenye diski kama ilivyo, bila kupunguza hata chembe: saa thelathini na tano za watu kucheza, kula pilau na kuikwepa kamera kwa aibu. Mikanda yenyewe baadaye ililiwa na ukungu, ikatupwa. Diski ikabaki peke yake.

Na humo ndani kulikuwa na kitu ambacho Rukaiya alikitaka kuliko urithi wowote.

Mwaka elfu mbili na tatu aliwakataa wachumba aliochaguliwa na baba yake, akamng'ang'ania Yusuph, aliyekuwa akitembeza mitumba begani. Mzee Salehe hakugomba. Alimwachia mdogo wake kazi ya kumwozesha binti, yeye akashika kamera. Harusi nzima alijificha nyuma ya kamera ile, jicho moja kalifumba, mdomo kaufunga. Tangu siku hiyo mpaka anazikwa, baba na binti walisalimiana, walikula Idi pamoja, waliuguzana, ila neno la radhi halikutamkwa. Mimba mbili za Rukaiya ziliharibika, na mara zote mbili madaktari walieleza yao, naye moyoni akashika yake. Alijua sababu. Hakumwambia mtu, hata Yusuph.

Halafu mwaka jana, siku nne kabla ya kukata roho, mama yao Bi Shani alimshika mkono akamwambia, "Radhi yako ipo. Baba yako aliutia sauti ule mkanda wako. Kausikilize."

Angekuwa mwingine angekimbia siku ileile. Rukaiya hakukimbia. Alianza kumshuku hata mama yake aliyekuwa anakufa: labda ananifariji tu. Akaiacha diski kabatini, akasema nitausikiliza baada ya arobaini, kisha baada ya Ramadhani, kisha baada ya mvua. Radhi usiyoisikia bado unaweza kuitumainia. Mwaka ukaisha hivyo, na sasa diski haipo.

Aliyeichukua alikuwa Hussein, mdogo wake. Alikiri papo hapo kwenye simu, tena kwa uchangamfu, na uchangamfu huo ndio uliomtia Rukaiya wasiwasi zaidi.

"Shikamoo dada! Ndiyo, ninayo. Nimeipeleka kwa Faraja, yule wa studio karibu na mnara wa saa. Anaibana."

"Anaibana nini?"

"Video. Anazipunguza ukubwa."

Rukaiya aliacha gauni la mtu likiwa na mkono mmoja, akapanda bodaboda.

*

Faraja alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mwenye miwani na subira. Alisimama akampa Rukaiya kiti, akamwamkia, kisha akamwachia Hussein aeleze.

Hussein alieleza. Khitma ya mama ilikuwa wiki inayofuata. Alitaka kila nyumba ya ukoo, kuanzia hapa mjini mpaka Tarakea, ipate flashi moja yenye mikanda yote ya baba. Flashi zenyewe zilikuwa mezani, za gigabaiti sitini na nne. Mikanda ilikuwa na gigabaiti mia nne hamsini na tano. Tena diski imeanza kugonga ndani. Ukiiweka sikioni unaisikia, tak, tak.

"Ni ya miaka mingi, dada Rukaiya," alisema Faraja. "Siku yoyote itanyamaza."

"Sasa hizo mia nne mtaziingizaje kwenye sitini? Kwa dua?"

Faraja alitabasamu. "Kwa kodeki. Ni namna ya kuandika picha. Kamera ya mzee iliandika kila picha peke yake, picha ishirini na tano kwa sekunde, nzima nzima. Kama ukuta haujasogea, yenyewe iliuandika ukuta uleule mara ishirini na tano. Kodeki ya siku hizi inauandika ukuta mara moja, halafu inaandika kilichobadilika tu. Saa moja iliyokula gigabaiti kumi na tatu, inakaa kwenye moja na kitu."

"Kwa hiyo mnakunja."

"Tunakunja, na kidogo tunakata. Sitakudanganya. Vile vitu ambavyo jicho halivitilii maanani, inavitupa."

"Jicho la nani?" akauliza Rukaiya.

Faraja akaona bora aonyeshe. Alichukua dakika moja ya harusi ya Hussein, ndani sebuleni Njoro, taa moja ya njano, mama yao amekaa mkekani na kanga mpya. Aliitengeneza mara tatu, kwa namba tatu. Namba ikipanda, alieleza, faili linapungua na ubora unashuka. Kwa thelathini na mbili lilikuwa dogo kama wimbo, lakini uso wa mama ulikuwa laini kama umepakwa samli, na maandishi ya kanga yalikuwa uji. Kwa ishirini na nne ungeweza kubahatisha. Kwa ishirini, ukisogea karibu, ulisoma bila taabu: *Mwenye macho haambiwi tazama.*

"Mimi kipimo changu ni kanga," alisema Faraja. "Jina la kanga likisomeka, familia haitanilaumu. Tutumie ishirini. Zote thelathini na tano zitakuwa kama gigabaiti arobaini. Flashi inazimeza."

Rukaiya alisogea mpaka pua ikagusa kioo. Alikuwa mtu wa kitambaa. Alijua kutazama uzi. Kwenye mkanda wa asili, kila mtu aliposogea kingo zake zilichanika mistarimistari, meno ya chanuo. Kwenye mpya mistari haikuwepo.

"Na hii mistari mmeipeleka wapi?"

"Nimeiondoa. Ni ya televisheni za zamani, kwenye kioo cha sasa inaudhi. Ila ukishaiondoa huirudishi. Ndiyo maana ushauri wangu ni mmoja: tengenezeni ndogo za kutazama, na za asili mziweke. Mje na diski nyingine, ninakili zote."

"Tutanunua," alisema Hussein, "mwezi ujao. Kwa sasa shida ni nafasi. Diski imejaa, na kompyuta ya Faraja imejaa harusi za watu. Nimemwambia tukishabana moja, tufute ya asili yake, tupate pa kuandikia nyingine."

Hapo Rukaiya alisimama. Kila kitu kilikaa sawa kichwani mwake, kama vipande vya gauni kabla ya kushonwa. Diski imechukuliwa kimyakimya. Kuna kukata. Kuna kufuta. Na anayetaka kufuta ni Hussein.

Maana Hussein naye alikuwa na lake. Akiwa na miaka kumi na tisa alivuka pale Tarakea akaingia Kenya, akakaa miaka mitano bila barua wala simu. Mama yao aliugua presha kwa ajili yake. Aliporudi, baba alimfungulia mlango, akamwambia "chakula kipo," na hakumwuliza neno. Harusi ya Hussein mwaka elfu mbili na sita aliirekodi kama alivyoirekodi ya Rukaiya, kimya nyuma ya kamera. Hussein alishasema mara nyingi, kwa kicheko kisichofika machoni, kwamba afadhali angepigwa.

Kumbe ndiyo hiyo, alijiambia Rukaiya. Yeye hakupata radhi, hataki na mimi niipate.

"Nionyeshe wa kwako," alisema. "Huo uliokwisha kubanwa."

Faraja alionyesha. Harusi ya Hussein, yenye urefu wa saa tatu. Ya asili gigabaiti thelathini na tisa. Mpya, tatu na nusu.

"Thelathini na tano na nusu zimekwenda wapi?"

"Si nimekueleza, dada…"

"Umenieleza. Nauliza zimekwenda wapi." Akamgeukia Hussein. "Mimi nikipewa mita thelathini na tisa nikarudisha tatu na nusu, utaniita fundi au mwizi?"

"Dada, ni ileile. Tazama. Mwanzo upo, mwisho upo, muda ni uleule mpaka sekunde."

"Ni ileile?"

"Ileile."

"Basi futa wa asili. Wa kwako. Anza na wa kwako, hapa, mbele yangu."

Hussein alikitazama kioo, pale mama yake alipokuwa amekaa mkekani. "Nilifikiri… huu wangu na wako tungeibakiza mpaka diski mpya ije. Faraja angetafuta pa kuiweka. Harusi zetu, dada."

"Aa! Kumbe! Ndogo inatosha kwa watu wote, ila kwa Hussein haitoshi. Kuna nini humo?"

"Hakuna kitu."

"Basi futa."

Uso wa Hussein ulifanya kitu ambacho Rukaiya alikisoma kuwa ni hatia. Faraja alianza kusema kwamba hakuna haraka, kwamba anaweza kuazima diski kwa mtu. Lakini Hussein alishachukua kipanya. "Ili uniamini," alisema. "Maana wewe bila hivi huniamini maisha." Akabonyeza. Kompyuta ikauliza kama ana hakika. Akabonyeza tena.

Rukaiya aliridhika nusu, na kwake nusu ilikuwa nyingi. Akaweka sharti: nafasi hiyo inatosha kuandikia nyingine zote, hakuna ya asili nyingine itakayofutwa mpaka yeye autazame mkanda wake mwanzo hadi mwisho. Faraja akakubali, na kompyuta yake kuukuu ikaanza kazi iliyoichukua siku nne.

*

Siku ya tano Rukaiya alichomeka flashi kwenye televisheni yake, akamtuma Yusuph msikitini mapema kuliko muadhini, akafunga mlango.

Alijiona kijana, mwembamba, amefunikwa shela. Alimwona ba'mdogo wake amemshika Yusuph mkono akimwozesha. Alisikia vigelegele, ngoma, kelele za watoto, shangazi mmoja akiuliza chumvi imewekwa wapi. Alitazama saa mbili na dakika arobaini. Pale alipopita mbele ya kamera akielekea kwenye gari, picha ilimfuata, ikamsogelea, ikakaa usoni pake muda mrefu kuliko kawaida, kama mpiga picha amesahau kazi. Rukaiya aliongeza sauti ya televisheni.

Shangazi akauliza tena chumvi. Gari likaondoka. Mkanda ukaisha.

Aliurudisha nyuma, akasikiliza mara tatu. Baba yake hakusema kitu. Wala hakukohoa.

Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akafuta uso, akavaa baibui, na safari hii hakupanda bodaboda. Alitembea, ili maneno yaive njiani. Mlima unaoutazama mji ulikuwa umetoka mawinguni asubuhi ile, mweupe kileleni, na watu walikuwa wamesimama barabarani wakiupiga picha. Yeye hakuinua kichwa.

Hussein alikuwepo studio, akipachika majina ya nyumba kwenye flashi.

"Umekata," alisema Rukaiya, bila salamu.

"Nimekata nini?"

"Radhi yangu. Ilikuwemo kwenye mkanda, umeikata, ukataka na wa asili ufutwe mtu asijue. Gigabaiti zilizopotea si ukuta, ni maneno ya baba!"

Hussein aliziweka flashi chini polepole. "Dada, Mwenyezi Mungu ni shahidi yangu. Sikujua hata kama kuna radhi. Nani kakwambia?"

"Mama! Mama mwenyewe, kitandani!"

Faraja, aliyekuwa hajui aingie upande upi, akafanya lililokuwa la kazi yake. Aliufungua mkanda wa asili, ule mkubwa, kwenye diski iliyokuwa ikigonga, akauchezesha pale picha inapousogelea uso. Vigelegele. Shangazi na chumvi yake. Kimya cha baba. Vilevile kabisa.

"Umeona?" alisema Hussein. "Umeona? Hata kwenye wa asili haimo. Mama alikuwa anaumwa, dada. Alikuwa anakupoza."

Rukaiya alikaa chini. Ndilo alilolikimbia mwaka mzima, na sasa limemkuta kwenye kiti cha plastiki, mbele za watu.

"Alisemaje hasa?" Faraja aliuliza taratibu. "Bi Shani. Kwa maneno yake."

"Alisema radhi yako ipo. Baba yako aliutia sauti ule mkanda wako."

"*Aliutia* sauti? Hakusema una sauti?"

"Aliutia. Ndivyo alivyosema. Kuna tofauti gani?"

Faraja alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mzee alikuwa na mazoea ya kukaa na kamera nyumbani, baada ya shughuli? Labda na maikrofoni ndogo?"

Kaka na dada walitazamana. Walizikumbuka, kila mmoja kwa miaka yake pale nyumbani: alasiri za Jumapili, mlango wa sebule umefungwa, sauti ya baba ndani ikisema peke yake. Mama alikuwa akiwafukuzia uani. "Baba yenu ana kazi," alikuwa akisema. Wao walidhani anaswali.

"Zile kamera," alisema Faraja, vidole vyake vimeshaanza kukimbia kwenye kibodi, "zilikuwa na mtindo mmoja. Ukirekodi kwa sauti ya daraja la chini kidogo, mkanda unabakiwa na nafasi ya sauti nyingine pembeni. Unaweza kuucheza baadaye ukaongea juu yake, na ile sauti ya kwanza haifutiki. Zinakaa mbili, sambamba. Kwenye kamera kulikuwa na sehemu ya kuchagua usikie ipi. Kwenye kompyuta, kama hukuchagua, inakupa ya kwanza." Aliinua macho kuwatazama. "Na programu ya kubana, kama hukuiambia, inachukua ya kwanza peke yake. Ya pili inaiacha. Sikuiambia. Nilitazama kanga, sikutazama sauti. Nisameheni."

Kioo kilionyesha orodha fupi. Picha, moja. Sauti, mbili.

Alichagua ya pili.

Vigelegele vilikatika. Ukaja mvumo mdogo wa chumba kitupu, jogoo wa jirani, na mtu akivuta kiti. Kisha Mzee Salehe akakohoa.

"Haya," alisema, miaka kumi na kadhaa baada ya kuzikwa. "Huyu wa kofia ni ba'mdogo wako, amevaa viatu vyangu, hakuvirudisha. Huyu mnene ni jirani, alikula sahani tatu." Aliwataja mmoja mmoja, akiwatania, kama mtu anayewaonyesha wajukuu. Hussein alicheka huku machozi yanamtoka. Rukaiya hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Picha ikamsogelea yule msichana wa shela.

"Na huyu ni Rukaiya wangu," ilisema sauti. "Mbishi. Kanishinda. Nilikuwa na hasira, mwanangu, na hasira ikishakaa inaona aibu kuondoka. Mdomo wangu ni mzito, unanijua. Lakini sikiliza. Radhi yangu unayo. Ulikuwa nayo siku ileile, kabla hujapanda gari. Yusuph ni mtu mwema. Mungu akupeni kheri." Kiti kikalia. "Yako ndiyo hiyo. Na Hussein akirudi, akija kuoa, na yeye nitamtilia yake kwenye mkanda wake. Wanangu hawa nimeshindwa kuwaambia usoni. Nitawaambia hapa."

Rukaiya alifunika uso. Mzigo wa miaka zaidi ya ishirini ulimtoka kwa kilio ambacho wapita njia walikisikia mpaka barabarani. Alilia kwa furaha, na kwa zile mimba mbili, na kwa mwaka mzima wa kuogopa kabati. Alishukuru. Alimwita baba yake mara nyingi.

Ilimchukua muda kugundua kwamba hakuna mwingine anayelia.

Aliinua kichwa. Hussein alikuwa anatazama kioo. Faraja alikuwa anamtazama Hussein. Ndipo maneno ya mwisho ya baba yakamrudia Rukaiya, moja baada ya jingine.

*Kwenye mkanda wake.*

"Ninayo ile ndogo," alisema Hussein, kama mtu anayeuliza. "Ile ya gigabaiti tatu na nusu."

"Ina sauti moja tu," alisema Faraja.

"Na ile kubwa…"

Wote watatu walikuwepo pale ilipofutwa.

Kitu kilichofutwa hakiondoki siku hiyohiyo, Faraja aliwaeleza; kinabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Lakini diski ilikuwa imejaa, na nafasi ile aliyoiacha Hussein ndiyo pekee waliyoandikia harusi na akika zote nyingine, siku nne mfululizo. Gigabaiti thelathini na tisa zilitoka, thelathini na sita zikaingia. "Ila kamera ya mzee iliandika kila picha peke yake," alisema Faraja, "na sauti zake ndani yake. Kikibaki kipande, kitasema chenyewe. Nitachimba."

Alichimba mpaka alasiri. Hussein alikaa nje kwenye ngazi. Rukaiya alikaa ndani, na shetani wake wa zamani akaja kukaa karibu naye. Laiti angeusikia mkanda peke yake kwanza, angemwomba Faraja aikate ile sentensi inayomtaja Hussein, naye asingejua. Yeye, aliyemwita ndugu yake mwizi wa maneno, alijikuta anatamani mkasi. Aliona haya mbele ya nafsi yake, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi.

"Ni mimi niliyekwambia ufute."

"Kidole kilikuwa changu, dada."

"Ulitaka kuubakiza. Nikakushuku."

Hussein alivuta pumzi. "Ulinishuku tangu niko mdogo. Mimi niliona heri unishuku. Baba hakunishuku wala hakuniuliza. Nilidhani hanijali."

Faraja akawaita.

Alikuwa amepata vipande sita. Vitano vilikuwa vya watu wakila na shangazi akicheza. Cha sita kilikuwa sekunde tisa. Hussein mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye picha, amevaa kanzu nyeupe, ananyoosha mkono kupokea maji. Faraja alichagua sauti ya pili.

Mvumo wa chumba. Jogoo. Kisha baba, karibu kabisa na maikrofoni, kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake, ya chini, iliyokaribia kuvunjika:

"Na wewe Hussein, mwanangu. Miaka mitano mama yako akilia. Sasa leo, mbele ya Mungu, nime—"

Picha iliganda, mkono wake haujafika kwenye maji.

"Irudie," alisema Hussein.

Ilirudiwa. Nime. Ilirudiwa tena. Neno lilianza, likakatwa shingo. Nimekusamehe, nimechoka, nimekupa, nimekukataa: yote huanza hivyo, na yote yangeweza kukaa mle.

Hussein alimgeukia dada yake. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na ndevu zimeanza mvi, lakini uso ulikuwa wa yule kijana aliyesimama mlangoni aliporudi kutoka Kenya. "Nimekusamehe. Eti dada? Ndilo hilo. Ni lipi lingine?"

Maisha yake yote Rukaiya hakuwahi kupokea jambo bila kulipima. Alilipima na hili. Hakuwa na hakika, na alijua hatakuwa nayo mpaka kaburini.

"Ndilo hilo," alisema. "Baba hakuwa na lingine."

Hussein alimtazama muda mrefu, kwa makini, akiyachunguza macho yake. Rukaiya aliutambua mtazamo ule. Ulikuwa wa kwake mwenyewe, na sasa umehamia kwa mdogo wake.

"Hizi za asili zilizobaki sitazigusa," alisema Faraja. "Mkija na diski nitanakili zote, na ndogo nitazibana upya, na sauti zote mbili. Na hiki cha sekunde tisa? Nikibane nacho?"

"Kiache kilivyo," alisema Hussein.

"Nikipe jina gani?"

Hussein alivuta kibodi, akaandika mwenyewe, herufi nne, akasita kidogo kana kwamba anasubiri mtu ammalizie. Kisha akahifadhi.